Namba ya Pili Kwenye Lebo ya Uzi

Mama zangu, dada zangu, na nyinyi mliopanda gari alfajiri kutoka Tukuyu na Makete, karibuni. Leo tusome lebo moja tu, ile niliyotumiwa picha yake mwaka jana nikaisoma vibaya.

Nilikuwa nafuma sweta la bluu iliyoiva. Mkono wa pili ulifika kwenye kiwiko, uzi ukaniishia. Muuzaji mmoja akanitumia picha ya donge alilobakiwa nalo. Nikaanza na aina ya uzi: akriliki asilimia 100, kama wangu. Nikaja kwenye uzito. Wengi wetu tukiona gramu 100 tunaridhika, lakini gramu peke yake hazisemi unene. Zisomeni pamoja na mita. Wangu ulikuwa na mita 250 kwa gramu 100, na wa kwenye picha vilevile. Ungekuwa na mita 200, huo ni uzi mnene zaidi, na mkono ungetoka mpana hata kwa idadi ileile ya vitanzi.

Sasa rangi, na hapa ndipo penye kazi. Namba ni mbili. COL ni rangi yenyewe. LOT ni mchovyo, yaani uzi uliotiwa rangi pamoja kwa mara moja. Mchovyo mwingine, hata kwa vipimo vilevile, hutofautiana kidogo. Yangu ilikuwa COL 217, LOT 4863. Kwenye picha nikasoma hivyohivyo, nikatuma hela.

Donge lilikuja na 4868.

Lebo huzunguka donge, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ilikuwa imepinda kuelekea pembeni, na mwanga wa flashi ukafuta upande wa kushoto wa ile nane. Ningeikuza picha ningeligundua: tatu halisi, ncha zake hukatika wazi, hii ilikuwa inafifia taratibu hadi kwenye mng'aro. Wala msiulize rangi ya kwenye picha, maana simu huibadilisha kulingana na mwanga.

Usiku chini ya taa sikuona kitu, nikafuma hadi kifundoni. Asubuhi dirishani, mstari ukajichora kwenye kiwiko kama maji yaliyoishia pale.

Siku hizi namwomba muuzaji avue lebo, ailaze mezani karibu na dirisha, apige bila flashi, kisha aniandikie LOT kwa mkono wake kwenye ujumbe. Nikiona LOT ya kwenye picha na ile aliyoiandika hazilingani, nazisoma tarakimu moja moja.

Lile sweta nilifumua mkono mzima. Uzi wa zamani uliorudi nikaufuma mistari miwili, wa mchovyo mpya miwili, kwa kupokezana kutoka begani hadi pale wa zamani ulipokwisha, karibu na kifundo. Sehemu iliyobaki nikaimalizia na ule mpya kwenye ukingo wa mkono, ule wa mistari ya mbavu, ambako ufumaji wenyewe hubadilika na jicho halitafuti tofauti.