Kurasa mbili ndani ya herufi 160

Ndugu zangu, karibuni. Nimewagawia karatasi mbili. Ni taarifa kwa vyombo vya habari ya mamlaka ya maji, na leo tunaifupisha iwe meseji moja ya simu. Nimeitunga mwenyewe kwa ajili ya leo, lakini kila aliyewahi kukaa dawati la habari ataitambua. Aya ya kwanza inasema mamlaka inaendelea na mkakati wake wa kuboresha huduma. Ya pili anasema mkurugenzi, na amefurahi sana. Ya tatu ni historia ya bomba. Ya nne, katikati kabisa, kuna sentensi hii: "Kutokana na kazi hiyo, huduma itaathirika kwa muda katika baadhi ya maeneo."

Habari ndiyo hiyo. Maji yatakatwa. Mwandishi hakutaka kulisema neno hilo, kwa hiyo kalifunika. Basi msianze kufupisha kutoka juu kwenda chini, mtaishia kumfupisha mkurugenzi. Someni hadi mwisho mkitafuta kitenzi kimoja: nini kitamtokea mpokeaji? Mkikipata, kiandikeni kwa lugha anayoisema mtu mwenye ndoo mkononi. Hasemi "huduma itaathirika", anasema "maji yatakatwa".

Sasa nani. Hapa kuna watu wawili: anayekata na anayekatiwa, na wote lazima wawemo. Mtaniambia jina la mtumaji linaonekana juu ya ujumbe, la nini kulirudia? Kwa sababu meseji husambazwa. Jirani akimtumia mwenzake, jina linaloonekana juu ni la jirani, na ujumbe unageuka uvumi. Mimi hulirudia, hata likinigharimu herufi 15.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa hii:

"MAMLAKA YA MAJI: Maji yatakatwa Jumanne 14 Mei, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, ng’ambo ya mto. Sababu: kubadilisha bomba kuu. Weka akiba kuanzia Jumatatu."

Hesabuni pamoja na nafasi: herufi 156. Ujumbe mmoja huchukua 160, tumefaulu. Lakini mfumo wa kutuma ukaniambia ni ujumbe tatu. Kwa nini?

Tazameni ng’ambo. Ile ritifaa niliinakili kutoka kwenye hati ya kompyuta, nayo imepinda. Ujumbe mmoja una baiti 140. Alfabeti ya kawaida ya simu hutumia biti 7 kwa herufi, ndipo tunapata 160. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye alfabeti hiyo, iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima unahamia kwenye mfumo wa biti 16 kwa herufi, na nafasi inashuka hadi 70. Ukizidi hapo, unakatwa vipande vya herufi 67, maana kila kipande hubeba pia maelezo ya kuunganishwa na vingine. Herufi 156 zinadai vipande vitatu, na mtumaji hulipia kila kipande. Kistari kirefu na alama za kunukuu zilizopinda hufanya vilevile. Nasi tunaoandika ng'ombe na ng'oa tumekaa karibu na mtego huu kuliko wengi.

Ningeweza kuinyoosha ritifaa nikaondoka. Ila neno lenyewe lina kasoro: ng'ambo ipi? Aliyesimama mashariki ataisoma kuwa ni magharibi, na wa magharibi kinyume chake. Nikaandika "mashariki mwa mto". Herufi zikawa 159.

Kuhusu lini, sitasamehe mambo mawili. "Kesho" haifai, kwani simu iliyozimwa leo itapokea ujumbe kesho, na msomaji ataongeza siku nzima. Siku na tarehe ziende pamoja. Ukikosea moja, nyingine itakuumbua kabla hujatuma. La pili, "saa 2" peke yake ina usiku na asubuhi, na kuna atakayeisoma kwa saa ya kizungu akadhani ni alasiri. Taarifa iliandika 08:00. Mimi nimeandika saa 2 asubuhi.

Mnaona nimeiacha sababu ibaki, maneno matatu tu. Nafasi ikibana, hiyo ndiyo ya kwanza kutoka. Tarehe haitoki kamwe.

Mwisho, mabadiliko. Kazi ikiahirishwa, msitume ujumbe mpya kana kwamba ule wa kwanza haukuwepo. Mtu atakuwa na meseji mbili na hatajua ipi ni ya kweli. Tarehe ya zamani ikataliwe kwa jina: "MAMLAKA YA MAJI: Maji HAYATAKATWA Jumanne 14 Mei mashariki mwa mto. Sasa ni Alhamisi 16 Mei, saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni."

Haya, geuzeni karatasi. Nyuma kuna taarifa nyingine, na humo habari imefichwa aya ya sita.