Ngano, Kisasili au Soga? Kuzitambua Hadithi Kabla ya Jaribio

Vijana, fungueni daftari, ila msianze kuandika bado. Swali la jaribio mnalijua: "Tofautisha hadithi, ngano, visasili na soga." Swali hili lina mtego, na umetegwa katika neno la kwanza. Hadithi haikai safu moja na hayo matatu. Hadithi ni utanzu: masimulizi ya lugha ya mjazo yenye wahusika na matukio yanayofuatana. Ngano, visasili na soga ni vipera vyake, pamoja na wenzao kama vigano, tarihi na visakale. Anayeandika "hadithi ni ndefu ilhali ngano ni fupi" amelinganisha mnazi na kuti lake. Sentensi yenu ya kwanza iweke mpangilio huo wazi, kisha ndipo mtofautishe vile vipera vitatu.

Sasa sikilizeni vifungu vitatu. Kwa kila kimoja, jiulizeni: wale wanaoisimulia wanaichukuliaje?

Cha kwanza. "Paukwa!" Naam, "Pakawa!" Hapo zamani za kale ukame ulipiga, wanyama wakakubaliana kuchimba kisima. Sungura akakataa kazi, lakini kila usiku akaja kunywa, na kila aliyewekwa kulinda akamhadaa. Mwisho kobe akajipaka ulimbo mgongoni, akazama majini akatulia kama jiwe. Sungura alipokanyaga, akanasa.

Cha pili. Mungu alimtuma kinyonga awaambie wanadamu kwamba hawatakufa. Kinyonga akatembea polepole, akapumzika njiani. Nyuma yake akatumwa mjusi na ujumbe kwamba watu watakufa. Mjusi akafika kwanza, watu wakaupokea ujumbe wake, na kinyonga alipofika neno lilikuwa limekwisha kukubaliwa. Ndiyo maana tunakufa.

Cha tatu. Mnamjua yule mwenye duka wa pale kona, asiyetoa hata shilingi? Juzi katumbukia majini pale gatini. Watu wakamwinamia: "Toa mkono! Toa mkono!" Kimya, anazama. Akatokea mzee mmoja akasema, "Hamjui kusema naye. Chukua mkono wangu!" Akaudaka papo hapo.

Cha kwanza ni ngano. Hakuna mtu, hata mtambaji mwenyewe, anayedai kwamba kobe alijipaka ulimbo kweli. Kianzio cha "Paukwa" kinatuhamisha hadi kwenye ulimwengu wa kubuni, na "zamani za kale" haina mwaka wala mahali. Wahusika ni bapa: sungura mjanja tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna funzo, na funzo ndilo lililoibeba ngano. Angalieni kosa linaloingia hapa: kuandika "ngano ni hadithi za wanyama." Hadithi za wanyama ni aina moja tu ya ngano, ile inayoitwa hurafa. Zimo pia ngano za mazimwi, za binti mfalme na za watu wa kawaida. Mkiandika wahusika wa ngano, andikeni wanyama, binadamu, mazimwi na hata vitu visivyo na uhai.

Cha pili ni kisasili, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu nacho kina wanyama wanaosema. Kama kigezo chenu ni wahusika, mmeshapotea. Kigezo ni imani na uzito wa jambo linaloelezwa. Masimulizi ya kinyonga, ambayo yanapatikana kwa sura mbalimbali katika jamii nyingi za Kibantu, yanajibu swali la kifo. Katika jamii inayoyamiliki huchukuliwa kuwa kweli. Ndivyo ilivyo kwa Gikuyu na Mumbi, ambao Agikuyu huwahesabu kuwa wazazi wa koo zao, na Kintu na Nambi kwa Baganda. Kwa hiyo msiandike "kisasili ni hadithi ya uongo kuhusu asili." Mtakuwa mmelifuta lile lile linalokitenganisha na ngano. Andikeni: "huaminiwa kuwa kweli na jamii inayokisimulia." Kama sisi hapa darasani hatukiamini, hilo si hoja ya fasihi.

Mtauliza basi: na ile ya kwa nini gamba la kobe lina mistari? Kobe alikwenda karamuni mbinguni kwa manyoya ya kuazima, akawadhulumu ndege chakula, wakamnyang'anya manyoya, akaanguka, gamba likapasuka na kuungwa vipande vipande. Inaeleza asili. Je, ni kisasili? Hapa vitabu havikubaliani. Katika shule za Kenya utaikuta chini ya ngano za usuli. Vitabu vingine huita kila simulizi ya asili kisasili. Mimi naona wa kwanza wana haki: hakuna ibada, mwiko wala ukoo unaosimama juu ya gamba la kobe, na lengo lake ni kukemea ulafi. Katika jaribio, njia salama ni kutochagua mfano huo kabisa. Tumieni asili ya kifo au ya jamii, ambayo haina ubishi. Na msimlete Fumo Liyongo wala Lwanda Magere kama mifano ya visasili. Hao ni mashujaa, masimulizi yao ni visakale, au mighani kama wengine wanavyoyaita.

Cha tatu ni soga. Mmecheka, na hiyo ni dalili, lakini haitoshi, maana ngano nayo huchekesha. Dalili yenye nguvu ni huyo "mwenye duka wa pale kona." Soga humchukua mtu halisi, au anayedaiwa kuwa halisi, katika mazingira ambayo wasikilizaji wanayajua, na kumbandika tukio la kubuni. Ngano hufanya kinyume: kila kitu ndani yake ni cha mbali. Soga pia ni fupi, haina kianzio maalumu, husimuliwa barazani katikati ya mazungumzo mengine, na kicheko chake kimebeba kejeli. Hapa anayekejeliwa ni bahili.

Na Abunuwasi je? Jina lake ni la mshairi wa kweli wa enzi za Harun Rashid, na visa vyake vinachekesha. Lakini Baghdad ile ni ya mbali, visa vina muundo kamili wa hila na ushindi, na hutambwa kama ngano. Wekeni chini ya hekaya, yaani ngano za ujanja. Ila mkimsikia mtu barazani akimtumia Abunuwasi kumsema jirani kwa sentensi tatu, hapo kaigeuza kuwa soga, kwa sababu muktadha nao huainisha.

Sasa namna ya kuandika. Tofauti huandikwa kwa pande mbili ndani ya hoja moja. Mkieleza ngano aya nzima, kisha kisasili aya nzima, mmefafanua tu, hamjatofautisha. Hoja iliyokamilika ni kama hii: "Ngano huchukuliwa na fanani na hadhira kuwa ya kubuni, mfano sungura na kisima, ilhali kisasili huaminiwa na jamii kuwa kweli, mfano kinyonga na chanzo cha kifo." Kigezo kimoja, pande mbili, mifano miwili. Kigezo kinachofuata kiwe lengo, kisha wahusika, kisha wakati na mahali. Kwa soga, anzeni na wahusika, kwa kuwa hapo ndipo inapotofautiana zaidi na hizo nyingine. Mkipewa kifungu badala ya swali la nadharia, nukuuni maneno yenyewe: "Paukwa," "ndiyo maana tunakufa," "mnamjua yule," kisha mseme kila dalili inathibitisha nini.