Barua ya kazi: umeufuta umri, lakini bado unaonekana

Haya ndugu zangu, habari za huko nyumbani, leo nataka tuongelee barua za kuomba kazi, maana kuna dada mmoja anayetazama hizi video alinitumia ya kwake niipitie kabla hajaituma. Anaomba kazi ya uhasibu. Sentensi ya kwanza kabisa ni, "Mimi ni mama wa watoto wawili, nimeolewa, nina miaka 43", na pembeni juu kaweka picha ya pasipoti.

Nikamwambia dada yangu, hebu kila kitu hapo kiulize swali moja tu, hiki kinamwonyesha mwajiri kwamba naweza kufunga hesabu za mwezi? Kuolewa hakuonyeshi, umri hauonyeshi, sura pia haionyeshi. Lakini vinampa mtu nafasi ya kuanza kuwaza ooh huyu atakuwa anaomba ruhusa za watoto kila siku, ooh huyu mtu mzima hatajifunza mfumo mpya, na hapo bado hajafika kwenye kazi ulizofanya.

Akavifuta akanirudishia barua, nikacheka kwa furaha kwanza, ila nilivyosoma vizuri nikaona umri bado upo. Imeili yake inaishia na 1982! Halafu kaandika "uzoefu wa miaka 19", sasa mtu akijumlisha na miaka ya chuo anaupata umri wako bila kukuuliza. Tukaweka "zaidi ya miaka 10", ambayo ni kweli, tukafungua imeili mpya yenye jina tu. Na hapa wengi hawajui, picha umeitoa kwenye barua lakini ile ya profaili ya imeili inaweza kumtokea anayepokea, na ya kwake alikuwa na mume na watoto, kwa hiyo hiyo nayo ikatoka.

Mwishoni alikuwa kaandika anaomba kazi kwa sababu mume wake amehamishiwa mjini. Hiyo tena ndoa imeingia kwa mlango wa nyuma jamani, na mwajiri anajiuliza huyo mume akihamishwa tena je? Tukaandika hivi: "Nimeshahamia mjini na naweza kuanza kazi mara moja." Basi.

Sasa msinielewe vibaya, kuacha kusema sio kudanganya. Tangazo likitaka picha au tarehe ya kuzaliwa, ama ujaze ukweli au uamue hiyo kazi huitaki, usijipunguzie miaka, kitambulisho kitakuumbua siku ya mkataba. Kama kazi ina umri wa chini kisheria, andika tu "nimetimiza umri unaotakiwa kisheria". Mambo ya mwenza na watoto afisa utumishi atakuuliza mwenyewe ukishaajiriwa, kwa ajili ya bima na warithi, na hapo mjazie yote bila kuficha.