Njaa Itanie, Nyama Iache

Asanteni. Naona wengine mmekuja moja kwa moja kutoka jikoni, moshi bado uko kwenye nguo. Leo nitazungumzia video moja tu, fupi, maana imebeba karibu makosa yote ninayoyaona tunapouza chakula kwa utani mtandaoni.

Kijana mmoja anauza mishkaki Sinza, wateja wake wengi ni wanachuo. Wakati huo TikTok kulikuwa na sauti inayovuma: paka analia, kisha mtu anaangua kicheko. Akajirekodi anageuza mishkaki, paka analia, yeye anakonyeza jicho. Basi. Haijawahi kutokea video yake ikatazamwa vile. Akanipigia kwa furaha. Wiki mbili baadaye akapiga tena, sauti imeshuka: "Kaka, mbona watu wanakuja wanacheka, halafu wanaagiza chipsi kavu?"

Chakula cha barabarani hakina boksi wala lebo. Anayenunua mshkaki anakuamini kwamba bucha uliyoendea unaijua. Na hofu ya nyama haikuanza na video yake. Mwaka 2018 kule Nakuru, Kenya, mtu alikamatwa akichuna paka, akasema nyama alikuwa akiwauzia wauza sambusa. Habari ile ilivuka mpaka kwa mzaha, na mzaha huo bado unazunguka. Kwa hiyo utani wako unaiamsha hofu ambayo mteja alikuwa amekubali kuisahau. Atacheka kweli, ila mshkaki hali.

Tulikaa tukasoma komenti. Watu walikuwa wanaitana: "njoo uone ile unayokulaga." Hakuna hata mmoja aliyeuliza mko wapi, bei gani, mnafunga saa ngapi. Mimi huangalia hilo kabla ya idadi ya watazamaji. Kicheko bila swali la bei hakijauza kitu.

Mtaniambia sisi ni watu wa utani. Ni kweli, Mpare na Mchaga hutaniana, na mtani anaweza kufanya vituko hata msibani asikasirikiwe. Lakini pale kila mmoja anamjua mtani wake, na mwenye kutaniwa ana zamu ya kujibu. Kwenye simu humjui anayekutazama, na wewe unataka hela yake. Mhehe akitaniwa habari ya kula mbwa na mtani wake atajibu palepale. Akitaniwa na muuza nyama asiyemjua, je? Hapo umegusa kabila na umegusa nyama, kwa mpigo mmoja.

Basi tukatafuta mwingine wa kutaniwa. Tukampata: yeye mwenyewe. Tarehe 24, mfuko mtupu, ananusa mishkaki yake kwa hamu. Anafungua daftari la madeni atafute nani wa kumdai, na jina la kwanza kabisa ni lake. Kila mtu mjini anaijua tarehe 24. Pembeni, bila kusema neno, kachumbari inaonekana imefunikwa.

Tukaja kwenye sauti. Bonyeza jina la sauti chini ya video, utaona wengine walioitumia. Itafute ile ya kwanza, uisikilize mpaka mwisho. Wakati mwingine unayemcheka ni mama analia msibani, mtoto, au mgonjwa ambaye hajui kama amerekodiwa. Kaswida, adhana na nyimbo za injili msiziguse kabisa kwa kuuzia chakula. Na muziki una mwenyewe: akaunti ya biashara TikTok hupewa maktaba yake ya sauti, na wanaokwepa kwa kutumia akaunti binafsi hukuta siku moja video imenyamazishwa. Hata ikipona, kibali cha wimbo huna. Msanii akilalamika COSOTA, ofisi ya hakimiliki, umaarufu wa wimbo hautakutetea.

Kwa hiyo kabla ya kupandisha, zima sauti uitazame tena. Utani ukifa, ujue ulikuwa wa mwenye sauti. Ule wa daftari ulibaki hai. Sauti tuliyoweka ni koleo likigonga ukingo wa jiko, mapigo matatu, la mwisho zito. Ni yake, hakuna wa kumnyima.

Na ile ya paka? Tuliifuta. Alitaka kuandika "nilikuwa natania tu," nikamkataza, maana kila ukieleza unamtaja paka upya. Badala yake alfajiri moja alijirekodi bucha, nyama inapimwa, mhuri wa mkaguzi unaonekana pajani, bila muziki wala mzaha. Waliotazama walikuwa wachache. Wateja wa mishkaki walirudi polepole, mmoja mmoja.

Ila yupo dada mmoja mpaka leo. Akifika pale jioni anaanza na "nyaaau," wote wanacheka, naye kijana anacheka. Kisha anaagiza chipsi kavu.