Chombo Kina Nambari, Lakini Chavuja: Mhadhara Ngomeni Lamu kwa Waandishi wa Makala ya Kwanza

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ahsanteni kwa kuacha baraza zenu jioni hii mkaja hapa ngomeni. Nitaanza na barua pepe moja.

Ilimfikia binti mmoja wa Pate, aliyekuwa ndiyo kwanza amalize tasnifu ya uzamili kuhusu namna mikoko inavyochipua baada ya kukatwa. Barua ilimwita "profesa mtukufu". Iliisifu kazi yake bila kutaja mkoko hata mmoja, ikamwahidi kwamba makala yake itapitiwa na kukubaliwa ndani ya siku 3. Chini yake palikuwa na jina la jarida, nambari ya ISSN inayolitambulisha, na kiungo cha tovuti. Ada haikutajwa popote.

Alinijia akiwa amejaa furaha. Nikamwambia, mwanangu, keti kwanza tuisome pamoja.

Siku 3 hazitoshi. Mhariri wa kweli huisoma makala, kisha hutafuta wataalamu wawili au zaidi wa fani hiyo. Wengi hukataa kwa kuwa wana kazi, na aliyekubali hupewa majuma kadhaa. Anayeahidi kukubali kabla hajaisoma makala anatangaza kwamba hatakuwapo wa kuipitia.

Tukaingia portal.issn.org, tukaandika ile nambari. Watu wengi huiona ISSN wakatulia, na hapo ndipo wanapokosea. ISSN ni kama nambari iliyoandikwa ubavuni mwa chombo: inakwambia chombo ni kipi, haikwambii kama chavuja. Jarida lilikuwapo kweli, kwa jina lile lile. Ila mchapishaji alikuwa wa nchi nyingine, na anwani ya tovuti haikufanana na ile ya kwenye barua. Mtu alikuwa ameiba jina na nambari ya jarida halali akalitengenezea tovuti yake. Kwa hiyo msifuate kiungo cha kwenye barua. Liendeeni jarida kupitia portal ya ISSN, au doaj.org, orodha ya majarida ya wazi yanayosomwa bila malipo, iliyoanzishwa mwaka 2003, na mtafute kwa nambari, si kwa jina tu.

Tukafungua toleo la karibuni kwenye ile tovuti bandia. Jarida la mazingira, lakini ndani mna makala ya meno, ya benki, na ya ufundishaji wa hesabu. Mwisho binti akamwandikia mmoja wa wahariri waliotajwa, kwa anwani ya chuo chake. Bibi yule akajibu siku ya pili: hawajui watu hao, na jina lake limetumiwa bila idhini.

Mimi sikuwa na wa kunizuia. Makala yangu ya kwanza ilikubaliwa kwa siku 2 bila swali hata moja, kisha ikaja ankara ya dola 400. Nilipoomba kuiondoa, wakadai ada ya kuiondoa, na huku wakaiweka mtandaoni. Nilipoipeleka kwa jarida la maana, mhariri akaikuta imeshachapishwa, akairudisha. Kazi ya miaka 2 ikanaswa pale, na bado inaniuma.

Msidhani ni wachache wanaonaswa. Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alituma makala ya uongo yenye makosa ya wazi kwa majarida 304 ya wazi. Majarida 157 yaliikubali.

Hata hivyo, tusiwe na dhuluma. Kutoza ada si utapeli, mradi kiasi kimeandikwa wazi kabla hujatuma, na yapo majarida yanayosamehe ada ukiomba mapema. Wala jarida dogo la kwetu lenye tovuti isiyopendeza halistahili kutupwa. Yako mengi ya heshima kwenye AJOL, mkusanyo wa majarida ya Afrika.

Basi binti apeleke wapi? Nilimwambia afungue marejeo yake mwenyewe, ahesabu ni majarida gani yanajirudia. Ukilitegemea jarida mara sita katika kazi yako, wasomaji wako wamo humo. Kati ya yaliyojitokeza lilikuwamo Western Indian Ocean Journal of Marine Science, la WIOMSA, jumuiya ya sayansi ya bahari yenye makao yake Unguja. Akasoma upeo wa kila jarida, akasoma makala tatu za karibuni, akachagua moja. Moja tu, kwani kutuma kwa mawili kwa wakati mmoja ni kosa.

Majibu yalichukua miezi. Yalipofika, mpitiaji mmoja alikuwa ameandika kurasa tatu, na swali lake kubwa lilikuwa hili: visiki ulivipima kwa urefu gani kutoka kwenye tope? Binti hakuwa ameliandika hilo. Juma lililopita alikodi mtumbwi, akarudi mikokoni na utepe wake wa kupimia.