Seli Nyekundu Isiyo na Utando wa Akiba

Asanteni kwa kufika. Leo nazungumzia sferositosisi ya kurithi, ugonjwa unaozifanya seli nyekundu za damu ziwe kama tufe, na muda mwingi nitautumia kwenye kipimo chake cha zamani, kwa sababu ukikielewa kipimo hicho umeuelewa ugonjwa wenyewe.

Chukueni mgonjwa wa mfano, kijana wa miaka 14. Macho yake huwa ya manjano, yanapoa, kisha yanarudi. Daktari akimpapasa tumbo anaikuta bandama imeshuka sentimita 4 chini ya mbavu za kushoto. Hemoglobini ni gramu 9.6 kwa desilita. Kwetu huku dalili hizo humfanya mtu afikirie malaria au selimundu kwanza, na ni sawa, lakini vipimo vyote viwili vimetoka hasi. Ultrasaundi inaonyesha mawe kwenye kifuko cha nyongo, jambo lisilo la kawaida kwa umri huo. Tena baba yake alishafanyiwa upasuaji wa mawe kama hayo akiwa bado kijana.

Tukiiweka damu yake chini ya hadubini, tunaona seli nyingi ndogo, za duara, zilizokolea rangi. Ule weupe wa katikati tunaouzoea haupo.

Seli nyekundu ya kawaida ni kama mfuko wa nailoni uliotiwa maji nusu: unaukunja, unaupitisha penye upenyo, nao hauchaniki. Ujazo wake ni kama femtolita 90, na utando wake una eneo la mikroni 140 za mraba hivi. Ujazo huo ungeweza kufungwa kwenye tufe la mikroni 97 tu za mraba. Kinachobaki ni akiba, na akiba hiyo ndiyo inayoiwezesha seli kujikunja.

Kwa kijana wetu, protini zinazoushikilia utando kwenye kiunzi kilicho chini yake, kama ankirini na spektrini, zina hitilafu ya kurithi. Utando usioshikiliwa vizuri humeguka vipande vidogo vidogo na kupotea, huku ujazo ukibaki karibu ule ule. Akiba ikiisha, seli inakuwa tufe.

Tufe halipiti kwenye bandama. Humo seli hulazimika kujipenyeza kwenye nyufa zenye upana wa mikroni 1 hadi 2. Seli za duara hukwama, zikazidi kuharibika, na mwishowe makrofeji huzimeza. Bandama inavimba kwa msongamano na kazi hiyo isiyokwisha. Hemoglobini iliyovunjwa hutoa bilirubini, ini linaimwaga kwenye nyongo, na ikizidi huungana na kalisi na kufanya mawe meusi. Hayo ndiyo mawe ya kijana wetu.

Sasa kipimo. Mwaka 1907 daktari Chauffard wa Paris alionyesha kwamba seli za wagonjwa hawa hupasuka mapema kwenye maji ya chumvi pungufu. Tunapanga mirija yenye chumvi kuanzia asilimia 0.9 kushuka hadi 0.1, tunatia damu kidogo katika kila mmoja, tunasubiri dakika 30, kisha tunazungusha kwenye sentrifuji. Seli nzima hutuama chini na maji hubaki meupe. Zilizopasuka huyageuza maji mekundu, na wekundu huo tunaupima kwa mwanga wa nanomita 540.

Chumvi inavyopungua nje, ndivyo maji yanavyoingia ndani ya seli. Seli ya kawaida yenye utando wa mikroni 140 za mraba inaweza kuvimba hadi femtolita 155 hivi kabla ya kuwa tufe kamili. Seli ya kijana wetu, tuseme ya femtolita 85 na utando wa 110, inafika ukingoni kwenye 108. Kwa hiyo ya kwanza hupasuka chumvi ikikaribia asilimia 0.4, ya pili ikikaribia 0.6. Tunachopima hasa ni akiba ya utando.

Hapo ndipo pia penye udhaifu wa kipimo hiki. Ugonjwa ukiwa mwepesi, damu mbichi inaweza kutoa jibu la kawaida. Ndiyo maana huwekwa kwanza saa 24 kwenye nyuzi 37, akiba ndogo iliyobaki ipungue na tofauti ijitokeze. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuuficha ugonjwa. Na mgonjwa ambaye kingamwili zake mwenyewe zinashambulia seli zake naye huwa na seli za duara, na jibu lake hufanana na hili. Msiandike jibu bila kipimo cha Kumbs, kinachotafuta kingamwili hizo. Kwa kijana wetu kilitoka hasi, na ukijumlisha na historia ya baba, tuna jibu.

Wagonjwa wenye hali nzito huweza kuondolewa bandama, ikiwezekana baada ya umri wa miaka 6 na baada ya chanjo, hasa ya nimonia, kwa kuwa hatari ya maambukizi makali hubaki maisha yote. Hemoglobini hupanda. Ila mkirudia mirija ile, seli bado zitapasuka mapema: hitilafu ya utando iko pale pale, kilichoondoka ni kile kichujio kilichokuwa kikizinasa.