Kuzaliwa Mombasa si Kuwa wa Mombasa

Assalamu alaykum, hamjambo nyote. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini, na wanaonijua naona washaanza kucheka. Haya, chekeni. Nitalisema tena lile lile ninalolisema kila nikishikishwa maikrofoni: neno "mzaliwa" tunalitesa.

Alipofariki Raila Odinga mwaka 2025, mara ngapi mlisikia "mzaliwa wa Bondo"? Raila alizaliwa Maseno, katika hospitali ya misheni, tarehe 7 Januari 1945. Bondo ni kwao, ndiko kwa babake na ndiko alikozikwa. Kiswahili kina "kwao", kina "asili yake", kina "alikulia", kina "mwenyeji". Maneno yote hayo tunayaacha kabatini, tunavaa moja tu hadi limetoboka.

Hiki hapa kitambulisho changu, cha ile aina ya zamani. Mbele, wilaya ya kuzaliwa: Mombasa. Geuza nyuma: wilaya Kwale, tarafa Matuga, lokesheni Tiwi. Kadi moja, majibu mawili, na yote ni kweli. Mamangu alishikwa na uchungu usiku, ukawa mgumu, wakamvusha kwa feri ya Likoni kumpeleka hospitali kuu ya huku kisiwani. Nikazaliwa alfajiri. Siku ya tatu nilikuwa Tiwi, na sikurudi Mombasa hadi nilipokuja kusoma sekondari. Je, mimi ni mtu wa Mombasa? Waulizeni wa Kibokoni wawajibu!

Na siko peke yangu. Hospitali ile inapokea wagonjwa wa rufaa wa pwani nzima: Kwale, Kilifi, Lamu, Tana River, Taita Taveta. Cheti cha kuzaliwa huandika mahali tukio lilipotokea. Hakiulizi mtoto atalala wapi kesho. Mtoto akizaliwa hospitalini, taarifa huandikwa pale pale wodini. Akizaliwa nyumbani, hupitia kwa naibu wa chifu. Kwa hivyo mji wenye hospitali kubwa utaonekana kila mara umezaa watu mashuhuri wengi kuliko uliowalea. Mwandishi akikuta "Mombasa" kwenye cheti, na asimalizie "kijana wa Mombasa" kabla ya kuuliza mama alitoka wapi siku ile.

Najua kuna atakayesema, "Mzee, hayo ni mambo ya makaratasi, wazee wetu hawakuyajua." Waliyajua sana. Walisema nini mtu akitaka kuthibitisha kwao? "Kitovu changu kimezikwa hapa." Sasa wamama mliomo humu nisaidieni: kitovu huanguka lini? Wiki moja, mbili. Na hospitali humruhusu mzazi baada ya siku moja au mbili, mambo yakiwa mazuri. Basi mtoto anazaliwa hospitalini, kitovu kinaangukia nyumbani! Changu kiko Tiwi, chini ya mti wa bibi. Usemi ule ulitenganisha mahali pa kuzaliwa na kwao kabla hatujajua karani ni nini.

Sasa nije kwenye kisa changu. Naam, kile kile. Mwaka 2009 huko Marekani kilitolewa kortini cheti kilichodai kwamba Barack Obama alizaliwa Kenya. Na si Kisumu, wala si Siaya. Hapa! Mombasa! Nilikichapisha nakala nikaiweka mezani, nikaangalia kwa miwani. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kuna nini.

Cheti kiliandikwa tarehe 17 Februari 1964, na juu yake: Jamhuri ya Kenya. Mtoto yeyote aliyewahi kupiga gwaride la Jamhuri Dei anakijua kilichokosewa. Uhuru tuliupata tarehe 12 Desemba 1963, lakini Malkia wa Uingereza alibaki mkuu wa dola hadi tarehe 12 Desemba 1964. Karani wa Februari angeandikaje jamhuri ambayo ingekuja miezi kumi baadaye? Haukupita muda watu wakagundua kwamba umbo lake limeigwa kutoka cheti cha Australia. Aliyekibuni hakuwa ameshika hata kimoja cha kwetu.

Kuna bwana mmoja aliwahi kunipinga kwenye baraza: "Lakini Mombasa wakati ule ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, huenda karatasi zilikuwa tofauti." Hoja nzuri, ila inamrudia. Kweli, mwaka 1961 aliozaliwa Obama, Mwambao ulikuwa bado milki ya Sultani kwa jina, na bendera yake nyekundu ilipepea Ngome ya Yesu. Lakini tangu 1895 Waingereza ndio walioendesha ofisi. Karatasi ya haki ya siku hizo ingesema Koloni na Himaya ya Kenya. Kila upande ukiushika, "Jamhuri" haiingii.

Sasa tazameni upande wa pili. Honolulu, tarehe 13 na 14 Agosti 1961, magazeti mawili yalichapisha tangazo kwamba nyumba ya Obama imepata mtoto wa kiume tarehe 4. Majina yale yalitoka kwa idara ya afya, yakapangwa pamoja na ya watoto wengine. Hakuna aliyejua kitoto hiki kitakuwa nani. Hiyo ndiyo karatasi ninayoiamini mimi: iliyoandikwa siku zile zile, na mtu asiye na la kupata. Ile iliyoibuka mwenye jina akishakuwa mkubwa, ishike kwa vidole viwili.

Na utamu ni huu. Sisi nasi tunasema "Obama wa Kogelo". Hakuzaliwa Kogelo, hakulelewa Kogelo; alikulia Honolulu, na miaka michache Jakarta. Kogelo ni kwa babake. Haya, na babake alizaliwa Kogelo? Hapana! Alizaliwa Kanyadhiang, upande wa Kendu Bay, ng'ambo ya ghuba. Ni babu, Hussein Onyango, aliyeihamisha familia hadi Kogelo. Kwa hivyo "kwao" kwenyewe kulihamishwa, na makaburi ya babu na baba ndiyo yaliyopatia jina pale. Sasa yule aliyebuni cheti, hata hili hakulijua, akasikia tu Kenya, akachukua mji aliouona kwenye ramani...

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na Mzee Mwinyi: alizaliwa Kivure, Bara, akapelekwa Unguja angali mdogo, akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 2024 akazikwa Mangapwani. Huyo ana mhadhara wake.

Wanamuziki mbio mbio. Freddie Mercury, Zanzibar, 1946: alizaliwa hospitalini, na bado utaonyeshwa zaidi ya nyumba moja pale Mji Mkongwe ukiambiwa "kazaliwa humu". Tena kuanzia miaka minane hivi alikuwa bweni, Panchgani, India. Diamond Platnumz: kuzaliwa Amana, kulelewa Tandale, asili ya mama Kigoma. Wasanii wana ugonjwa wao zaidi ya wanasiasa: mtaa ni sehemu ya wimbo, basi mtaa humeza hospitali na kijiji pamoja. Msikilize, lakini tarehe na wodi usimwulize yeye, muulize mamake.

Siti binti Saad wa Fumba sikumgusa hata. Haya, chukueni maikrofoni, mpeni yule mzee wa nyuma. Kainua mkono tangu nilipotaja Likoni, na namjua: atasema feri usiku ule haikuwa ikitembea.